Raketi nzito kichwani si ya kila mkono

Wanangu wa Miasenyi mnaocheza badmintoni jioni upande wa stesheni ya reli, nimesikia mmoja wenu anataka kwenda Mombasa kununua raketi kama ya Viktor Axelsen, yule Mdenmaki aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris 2024. Kabla hujatoa pesa mfukoni, mwanangu, keti hapa nikueleze.

Raketi ya Axelsen ni nzito kichwani na shafti yake ni ngumu mno. Uzito ukikaa mbele, kichwa kikishaanza kwenda hakisimami upesi, na kinyoya hupokea kishindo kikubwa. Ni kama shoka: nguvu iko kwenye chuma kilicho mwisho wa mpini. Lakini shoka halirudi nyuma haraka. Mwenzako akikupigia smashi mwilini, una muda mchache sana wa kuligeuza, na kichwa kizito hukuchelewesha. Kwa hiyo anayesimama nyuma akishambulia hufaidi kichwa kizito, na anayesimama karibu na wavu katika mchezo wa wawili wawili, au anayeshinda akirudisha smashi, hufaidi kichwa chepesi.

Usitegemee maneno ya muuzaji, pima mwenyewe. Laza shafti juu ya kidole kimoja mpaka raketi itulie bila kuinama upande wowote, kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kutoka kitako cha mpini hadi hapo kidoleni. Chini ya milimita 285 kichwa ni chepesi, zaidi ya 295 ni kizito, na katikati ya hapo ni wastani. Vipimo hivi hutofautiana kidogo kutoka kampuni hadi kampuni.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaliangalii. Chukua raketi ya gramu 85 isiyo na nyuzi, iliyotulia kwenye milimita 285. Ukiifunga nyuzi za gramu 4 hivi, ambazo zote zinakaa kichwani, itatulia karibu na 297. Raketi ya wastani imekuwa nzito kichwani. Kisha unazungushia mpini utepe wa pili wa gramu 5, na kipimo kinashuka tena hadi kama 285. Ukiiona namba hiyo utadhani kichwa kimekuwa chepesi. La hasha. Utepe umo ndani ya kiganja chako, na kiganja ndicho kinachozungusha raketi. Kule mbele hakuna hata gramu moja iliyoondoka. Mkononi utahisi imetulia zaidi, lakini smashi ikija mwilini kichwa kitageuka kwa uzito uleule. Anayetaka kasi ya kweli atafute raketi ambayo kichwa chenyewe ni chepesi, au ashuke uzito mzima: zile zilizoandikwa 4U ni gramu 80 hadi 84, na 3U ni 85 hadi 89.

Shafti nayo ina masharti yake. Unapovuta mkono, shafti hupinda nyuma, na inatakiwa iwe inanyooka kinyoya kinapoguswa. Shafti ngumu hunyooka upesi, kwa hiyo inamtaka mtu mwenye mkono wa kasi sana. Mkono wa polepole hauwezi kuipinda, na kazi yote inabaki kwa bega. Shafti laini humsaidia mwenye mkono wa taratibu, lakini mwenye kasi akiitumia, kichwa hubaki nyuma na kinyoya huenda pembeni.

Utajijuaje? Uwanja una urefu wa mita 13.40. Simama mstari wa nyuma kabisa, upige kinyoya juu kiende nyuma kwa mwenzako. Kule mwisho kuna mistari miwili iliyoachana sentimita 76. Kinyoya kiangukie katikati yake. Kama unakigusa vizuri, katikati ya nyuzi, na bado kinaanguka katikati ya upande wa mwenzako, shafti ni ngumu kuliko mkono wako. Kama kinafika bila taabu lakini kila ukiharakisha kinapotea kushoto au kulia, umeizidi shafti. Jaribio hili lifanyeni asubuhi na mapema, upepo wa nyika haujaamka, la sivyo mtailaumu raketi kwa kosa la upepo.

Wewe unayetamani raketi ya Axelsen, nimekutazama. Unacheza mbele, macho yako ni mepesi, lakini vinyoya vyako vya juu havivuki katikati ya upande wa mwenzako. Tafuta 4U yenye kichwa chepesi au cha wastani, na shafti laini au ya kati. Ndugu yako anayepiga kutoka nyuma, ambaye bega lake limezoea kazi, yeye achukue ile nzito kichwani, tena aanze na shafti ya kati. Hiyo ngumu aingoje mpaka vinyoya vyake viwe vinaanguka kati ya ile mistari miwili hata akiwa amechoka.