Aliyekosa Ada Azikwe na Nani?

Katika vilima vya Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, ni nyumba chache ambazo wenyewe wamezaliwa papo hapo. Mmoja kwao ni Kilimanjaro, wa pili Kagera, wa tatu Ruvuma. Wamekuja kutafuta riziki, wamejenga, wanasali pamoja katika Jumuiya. Walakini kila mmoja anajua wapi yalipo makaburi ya babu zake. Ndiyo sababu wameunda vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwezi kila nyumba hutoa ada yake, na siku ya msiba chama hununua jeneza, hulipia dawa ya kuhifadhi maiti, hukodi gari, na kumfikisha marehemu kwao.

Jambo hili ni jema, wala hatuna haja ya kulisifu. Tunataka kulitazama swali moja gumu linalozuka ndani yake: mwanachama aliyeacha kutoa ada akifariki, je, ni haki chama kumnyima maziko?

Tuchukue mfano. Tuseme chama kina nyumba 40, na kila nyumba hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kinakusanya, basi, shilingi 400,000. Kumsafirisha marehemu hadi mkoani kwao kumepangiwa shilingi 3,000,000. Yaani wote wakitoa bila kukosa, msiba mmoja humaliza makusanyo ya miezi saba na nusu. Nyumba 10 zikiacha kutoa, msiba ule ule utakula makusanyo ya miezi kumi. Katiba yasema: anayekosa ada miezi mitatu mfululizo hana dai.

Sasa yumo fundi mwashi aliyetoa ada yake miaka minne pasipo kukosa. Akaanguka kutoka jukwaani kazini, akavunjika nyonga, akalala nyumbani miezi mitano bila kazi wala ada. Mwezi wa tano akafa. Ndugu zake wakasema kwa uchungu: "Ametia shilingi 480,000, nanyi mwamkataa kwa ajili ya 50,000?"

Neno hili lina uzito, lakini lina kosa ndani yake. Zile shilingi 480,000 hazikuwekwa akibani kwa jina lake. Zilikwisha kuwazika wengine, kama vile za wengine zingalivyomzika yeye kama angalikufa katika mwaka wa kwanza. Na fedha iliyobaki sandukuni ni amana. Yumo ndani yake yule mjane auzaye maandazi, atoaye 10,000 yake kwa kujinyima. Mwenyekiti akiitumia kinyume cha katiba kwa sababu ameona huruma, anafanya ukarimu kwa mali isiyo yake.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika mji wa Lanuvio, karibu na Roma, limeonekana jiwe lililochorwa katiba ya chama cha maziko cha mwaka 136, na ndani yake walikuwamo hata watumwa. Walitoa mchango kila mwezi. Asiyetoa kwa miezi kadhaa mfululizo alipoteza dai lake. Na aliyefia mbali, zaidi ya maili 20 kutoka mjini, chama kilituma watu watatu kwenda kumzika. Sheria kali, basi, si uvumbuzi wa wenye mioyo migumu wa siku hizi. Pasipo hiyo sanduku hukauka, na atakayekufa mwisho huzikwa kwa mikono mitupu.

Tena kuna mtu wa namna nyingine. Huyu alitoweka miaka mitatu, na wiki ile mama yake alipolazwa hospitali akaja mbio na malimbikizo yote mkononi. Mtunza hazina hana budi kujihadhari naye. Chama kikiruhusu watu kulipa wanapouona mgonjwa kitandani, hakuna atakayelipa akiwa na afya. Ndiyo maana katiba nzuri huweka muda wa kungoja, mathalani miezi mitatu au sita, kwa mwanachama mpya na kwa anayerudi.

Lakini je, fundi wetu na mtu huyu ni sawa? La hasha! Mmoja hakuweza, mwingine hakutaka. Katiba isiyoweza kuwapambanua hawa wawili ina upungufu. Na kosa la chama kwa fundi halikufanyika siku ya kifo chake. Lilifanyika mwezi wa kwanza, jina lake liliposomwa miongoni mwa wasiotoa, na hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Iandikwe, basi: ada ikikosekana mwezi mmoja, mjumbe aende nyumbani kuuliza sababu. Akikuta ugonjwa au ajali, kamati isimamishe ada ya mtu huyo kwa muda uliotajwa, tuseme miezi sita, na deni likatwe katika fungu la msiba akifariki. Kwa fundi wetu zingekatwa shilingi 50,000 tu, na safari ingefanyika. Huruma ya namna hii haimwibii mjane, kwa kuwa yeye mwenyewe ameikubali mkutanoni, naye anajua itamfaa kesho.

Liko jambo la pili. Vyama vingine hudai mwanachama awe Mkatoliki, ahudhurie Jumuiya, na awe na ndoa ya Kanisa. Chama kina haki ya kuchagua wanachama wake. Walakini mtunza hazina asijifanye hakimu wa roho za watu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, inataja ni akina nani wasiopewa maziko ya Kanisa, na palipo shaka yaamuru Askofu wa mahali aulizwe. Kanuni ya 1181 yaonya maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Daftari la ada halimo katika kanuni hizo. Anayesema, "Huyu hakutoa ada, padre asije," amechanganya daftari mbili zisizohusiana.

Na ikiwa, baada ya yote, dai limekataliwa kwa haki? Hapo tupambanue fedha na watu. Sanduku laweza kufungwa, lakini wanachama wenyewe hawafungwi. Wakeshe msibani, wachimbe kaburi, wabebe jeneza, na atakaye atoe cha mfukoni mwake katika kisanduku cha pembeni. Fedha ya safari isipotosha, marehemu azikwe hapa Dar es Salaam, wala wafiwa wasione aibu. Yakobo aliagiza azikwe Kanaani, wanawe wakamchukua kutoka Misri. Lakini Raheli mkewe mpenzi alikuwa amemzika njiani, kando ya barabara ya Efrata. Na Mtakatifu Monika, aliyekuwa ametamani sana kulala karibu na mumewe katika Afrika, alipokufa ugenini Ostia mwaka 387 aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila yeye wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Kurudishwa nyumbani ni heshima, na chama kimeahidi kuilipia kwa masharti. Kuzikwa ni haki ya maiti iliyo mbele yetu, nayo haina ada. Wanaokutana Goba Jumapili hii na waifungue katiba yao, watazame kama maneno hayo mawili yameandikwa katika vifungu viwili mbalimbali.