Aliyeitwa Kusimama Kando

Leo nawaletea hadithi. Watu wake nimewatunga, lakini neno waliloligombania ni la kweli.

Padre mmoja na mwalimu mmoja walikuwa Kilwa Kivinje wakifasiri Injili ya Yohana. Walipofika sura ya 14, aya ya 16, walikwama. Neno la Kiyunani ni parakletos, yaani mtu aliyeitwa aje kando ya mwenzake, hasa mbele ya hakimu.

Mwalimu akasema, "Tuandike Msaidizi."

Padre akakataa. "Msaidizi wa fundi yuko chini ya fundi. Je, Roho Mtakatifu yuko chini yetu?"

"Basi Mfariji."

"Mfariji huja baada ya msiba. Huyu huja kabla ya hukumu. Tuliache neno lenyewe, Parakleto, kama Mtakatifu Yeronimo alivyoliacha katika Kilatini."

Mwalimu akakasirika. "Padre, mama zetu watadhani ni jina la dawa!" Wakafunga vitabu, wakaachana bila kuagana.

Jioni bibi mmoja mjane akabisha hodi kwa mwalimu. Shemeji zake walikuwa wamemshtaki barazani kwa ajili ya minazi ya marehemu mumewe. "Mwanangu, kesho uje usimame nami."

Mwalimu akaenda. Hakusema mengi. Bibi alipotetemeka, alimsogelea. Aliposahau hesabu ya minazi, alimkumbusha. Alipokosa maneno, alimsemea. Minazi ikabaki yake.

Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa Padre. "Jambo lenyewe tunalo tangu zamani. Jina lake moja ndilo hatuna. Tukisema msimamizi, watu wataelewa mnyapara."

Padre akacheka, kisha akafungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 2, aya ya 1. "Tazama, neno ni lile lile, ila hapa anaitwa hivyo Bwana Yesu, naye anatusemea kwa Baba. Kwa Kiswahili hapa panataka Mwombezi. Hata Biblia ya Kilatini hapa ililifasiri, ikaandika mtetezi."

Wakapatana: Msaidizi katika Injili, Mwombezi katika Waraka, na mhubiri awaeleze watu kwamba kwa Kiyunani ni neno moja.

Ndivyo ilivyo katika Biblia tuliyoizoea, iliyochapwa mwaka 1952. Maneno mawili yametupa maana, lakini yameficha kamba inayoziunganisha aya hizo. Bwana aliahidi Msaidizi "mwingine". Msomaji wa Kiswahili huuliza, wa kwanza ni nani? Waraka unajibu: wa kwanza ni Yesu mwenyewe.

Basi, ndugu, siku utakapoitwa mbele ya wakubwa, au dhamiri yako itakapokushtaki usiku, kumbuka kwamba wako wawili wenye jina hilo. Mmoja anatusemea mbinguni. Mwingine amesimama kando yako hapa hapa, akikukumbusha uliyoyasahau.