Tarehe Inayotoka kwenye Mbao

Tuchukue karakana ya useremala Dodoma iliyoahidi milango ya paini ifikapo Julai 31. Leo ni Julai 20, na mbao bado mbichi. Kipima unyevu kinasoma asilimia 19, wakati seremala anataka ishuke hadi 12 kabla ya kuunga. Akiunga sasa, mlango utatoka kwa wakati, utasifiwa siku ya kufungwa, kisha mbao zitanywea humo ndani ya nyumba: viungo viachie, ubao upinde, kitasa kigome. Kwa hiyo kuchelewa ni uamuzi sahihi. Kazi iliyobaki ni kumwambia mteja.

Mazoea ni kusubiri apige simu, kisha kumpoza: "Wiki ijayo, bosi." Tarehe hiyo imepimwa kwa hasira ya mteja, haikupimwa kwa mbao, ndiyo maana nayo huvunjika. Naamini ahadi ya pili ina uzito zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu anayeipokea ameshaumia mara moja.

Tarehe ya haki hutafutwa kwenye kazi yenyewe. Wiki mbili zilizopita kipima kilisoma 24, wiki iliyopita 21, leo 19. Ubao hukauka polepole zaidi kadiri unavyokaribia mwisho, hivyo si haki kuhesabu pointi mbili kila wiki mpaka mwisho. Seremala akikadiria wiki tano, anafika Agosti 24. Kuunga, kupiga msasa na vanishi kunamfikisha Septemba 2. Anaongeza wiki moja ya tahadhari, kisha anaandika:

"Ndugu mteja, milango yako haitakuwa tayari Julai 31. Mbao bado zina unyevu, na tukiziunga sasa zitapinda. Samahani kwa usumbufu. Tarehe mpya ni Septemba 9. Agosti 10 tutapima tena na kukujulisha matokeo. Unyevu ukiwa umezidi asilimia 14, tutakwambia siku hiyo hiyo tarehe imesogea kiasi gani. Kama huwezi kusubiri, tujulishe kabla ya Julai 27. Tutakurudishia advansi yako yote ifikapo Agosti 3."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, maana mara nyingi advansi ndiyo iliyonunua mbao. Seremala asiiandike kabla hajajua fedha itatoka wapi. Asipokuwa nayo, ataje siku ambayo kweli ataipata.

Tangazo likitoka siku kumi na moja kabla, mteja bado anaweza kusogeza tarehe ya kuhamia au kuzungumza na mwenye nyumba anayompangisha. Likitoka Julai 31, nafasi hiyo haipo tena, hata kama sababu ni ile ile na maneno ni yale yale. Muda wa mteja si mali yetu, na wateja wengine watachukua fedha zao waende. Ni haki yao, na tangazo la kweli huwaachia mlango huo wazi.