Aliyekagua Akaandika Upya

Dada mmoja, mtaalamu wa maabara ya maji mkoani Singida, aliomba ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Maelezo yake binafsi aliyaandika mwenyewe, kwa Kiingereza cha shuleni na kazini, kisha akampa kaka mmoja aliyewahi kusoma ughaibuni amwangalizie makosa. Nasimulia yaliyofuata kwa sababu wengi wetu huombwa kazi hii, na mimi pia huombwa. Mkono ukishashika kalamu, kuuzuia si rahisi.

Rasimu ya dada ilikuwa na sentensi fupi. Alieleza kwamba watoto wa kijiji alichokulia wana meno ya kahawia, na kwamba alipoajiriwa alisaidia kupima maji ya kisima chao. Akaandika: namba ilikuwa 6, nikakaa kimya, nikamfikiria mama yangu. Makosa yalikuwepo. Vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza vilikosekana hapa na pale, nyakati za vitenzi zilichanganyika, na katika aya ya nne mama aligeuka mwanamume, kosa linalotunasa sana sisi ambao lugha yetu haitenganishi jinsia katika "yeye".

Kaka alirudisha kitu kingine kabisa. "Nilisaidia kupima" ikawa "niliongoza utafiti". Ile 6 ikafutwa, mahali pake pakakaa "viwango vya kutisha". Kimya chake na mama yake vikatoweka, yakaja maneno marefu kuhusu mabadiliko ya jamii. Na katika aya ya nne, amini usiamini, mama alibaki mwanamume. Kaka alikuwa amezama katika kupamba, jicho lake halikuona kosa aliloitiwa.

Dalili zilikuwepo, nazo zinaniuma kila nikizikumbuka. Dada alilazimika kufungua kamusi ili aelewe maelezo yake mwenyewe. Alipojaribu kuyasoma kwa sauti, alijikwaa. Mdogo wake aliyesikiliza akauliza, "Dada, huyu ni nani?" Naye alipofika penye neno "niliongoza" moyo ulisita, lakini akajiambia kwamba kaka anajua zaidi, tena tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Akatuma.

Aliitwa kwenye usaili. Jopo likamwomba aeleze utafiti aliouongoza: alichaguaje visima, alichukua sampuli ngapi? Angeweza kueleza vizuri kabisa jinsi anavyopima floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, lakini utafiti haukuwa wake. Akababaika, na ufadhili hakuupata.

Tuirudie sentensi ya ile 6, maana hapo ndipo kazi ya mkaguzi inapoonekana. Kitenzi kirekebishwe, kineno kilichokosekana kiongezwe, basi. Namba haina kipimo, lakini hilo si la mkaguzi kulijaza. Aandike pembeni: "6 ya nini? Na kinachokubalika ni ngapi?" Dada angejibu bila kufikiri kwamba ni miligramu 6 za floridi kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kwa swali hilo moja angepata sentensi yenye nguvu kuliko mapambo yote, na ingekuwa yake. Ile "nikakaa kimya" isiguswe. Ni fupi, lakini haina kosa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipewa kazi hii soma mara ya kwanza bila kalamu. Kisha tumia nakala, na kama ni kwenye kompyuta washa `Track Changes`, ili mwenyewe aone kila badiliko na kulikubali au kulikataa moja moja. Kila unapobadilisha, jiulize ni kanuni gani iliyovunjwa. Ukiweza kuitaja, rekebisha. Ukiona jibu ni kwamba "inasikika vizuri zaidi", rudisha ilivyokuwa. Tahajia nayo ifuate mtindo mmoja, wa Uingereza au wa Marekani. Halafu pitia mara moja kwa ajili ya viwakilishi peke yake, ukimfuata kila mtu anayetajwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mama yule angeonekana.

Nawe mwombaji, usimpe mtu karatasi siku moja kabla ya kutuma. Soma masharti pia, kwani baadhi ya wafadhili hutaka uthibitishe kwamba maandishi ni yako. Yakirudi, yasome kwa sauti mbele ya anayekufahamu, ukiwa na wasifu wako na, ukiweza, barua za wadhamini wako mezani. Penye "niliongoza" tazama kama nazo zinasema hivyo. Kama zinasema "alisaidia", andika nilisaidia, kisha ueleze ulichokifanya kwa mikono yako: chupa ulizojaza, kifaa ulichotumia, namba uliyoisoma.