Jina la Mama

Mimi nasoma Mbarara; Mama aliyenilea yuko Nakivale. Aliniokota njiani tukikimbia vita Kongo, nikiwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa waliopotezana: unaeleza majina ya wazazi, kijiji, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Anayetafutwa akipatikana, huulizwa kwanza kama anakubali ujue alipo. Kwa hiyo aliyenizaa anaweza kukataa. Na aliyenilea, je, haulizwi? Lakini kijiji anakijua yeye tu. Nikimuuliza, nitamuumiza, nisipomuuliza, sina la kuandika. Jumamosi nilikwenda kambini, nikamkuta akichambua maharage. Niliketi nikachambua naye hadi giza likaingia, fomu ingali mfukoni.