Majina Matatu kwenye Orodha ya Washiriki

Je, ni haki kumchagua mtu kabla hujamwona? Swali hili lilinijia mwaka jana, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi na orodha ya washiriki wa kongamano moja la Kiswahili lililofanyika Kampala. Orodha ilitufikia kwa barua pepe siku nne kabla: kurasa 9, majina 187, na mbele ya kila jina taasisi, nchi na kichwa cha mada. Mhadhiri wangu alikuwa ameniambia nichague watu watatu tu wa kuzungumza nao. "Ukitaka kuwaona wote," alisema, "utarudi na mfuko uliojaa kadi na hutamkumbuka hata mmoja."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kongamano lilikuwa la siku mbili, lenye mapumziko manne ya chai ya nusu saa na milo miwili ya mchana. Nusu ya muda wa chai huishia kwenye foleni, na mtu unayemtaka huenda ameshashikwa na wengine. Tena orodha huonyesha waliojiandikisha, si waliofika. Kwa hiyo watatu ni idadi ambayo muda unairuhusu, hata mmoja wao asipotokea.

Nilianza vibaya. Niliisoma orodha kabla ya kujiuliza natafuta nini, na macho yakakimbilia vyeo: Profesa, Daktari, Mkurugenzi. Baada ya saa moja nilikuwa nimezungushia majina 31, karibu yote ya wakubwa. Mhadhiri aliirudisha karatasi bila kuisoma akaniambia niandike kwanza pale nilipokwama katika utafiti wangu. Nikaandika. Nilikuwa nachunguza mazungumzo ya wafanyabiashara wa soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambao huingia na kutoka katika Kiswahili na Lukonzo ndani ya sentensi moja. Kila nilipowasha kinasa sauti, walianza kuzungumza kama watangazaji wa redio. William Labov alishaitaja shida hii katika miaka ya 1970: tunataka kujua watu wanazungumzaje wasipochunguzwa, lakini hatuna njia ya kujua isipokuwa kwa kuwachunguza. Kwa hiyo nilimhitaji mtu aliyewahi kuikabili shida hiyo sokoni, na cheo chake hakikuwa na uzito wowote.

Swali lilipopatikana, orodha ilijipunguza yenyewe. Niliwafuta wa chuo chetu, kwa sababu nawaona kila wiki. Niliwafuta wale ambao ninachokitaka kwao tayari wamekiandika, kwa kuwa kumuuliza mtu kilichomo kitabuni mwake ni kumpotezea muda. Nilimfuta mgeni rasmi, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote aliyewahi kumwona mgeni rasmi akitoka ukumbini. Walibaki 12. Nilisoma ikisiri zao moja baada ya nyingine nikitafuta dalili kwamba mtu huyu aliwahi kukaa sokoni na kinasa sauti, maana kichwa cha mada kinaweza kusema "mpakani" na data yote ikawa imetoka kwenye magazeti. Nikabakiza watatu: mama mmoja mfasiri kutoka Butembo aliyefanya kazi Kasindi, ng'ambo ya Mpondwe, mwanafunzi wa uzamivu aliyerekodi wachuuzi huko Busia, na mwalimu wa sekondari kutoka wilaya ya Kasese, ambaye hatimaye hakufika.

Hapo ndipo dhamiri iliponisumbua. Immanuel Kant, mwaka 1785, alituagiza tusimtendee mtu yeyote kama chombo tu, bali wakati wote pia kama lengo lenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa na kalamu nyekundu nikifuta watu. Lakini nilipolitafakari zaidi niliona kwamba neno "tu" ndilo linalobeba uzito. Ninaponunua ndizi kwa mama wa sokoni namtumia ili nipate chakula, naye ananitumia ili apate ada ya mtoto. Tunajua hivyo sote wawili na hakuna aliyeonewa. Kwa hiyo kuchagua peke yake hakukuwa kosa. Kosa nililiona nilipoyatazama maandishi yangu pembeni mwa majina. Kwa yule mama niliandika: "Alirekodi Kasindi. Muulize alivyopata ridhaa." Kwa yule wa Busia niliandika: "Atakuwa mhadhiri karibuni, anaweza kunifungulia njia."

Kant huyohuyo, mwaka 1795, alipendekeza kipimo kingine: tendo linalogusa haki za wengine si la haki ikiwa nia yake haiwezi kutangazwa hadharani. Yeye alikuwa akizungumzia siasa, nami naliazima wazo lake kwa ajili ya foleni ya chai. Je, ningeweza kumkabidhi mhusika ile karatasi aisome? Kwa dokezo la kwanza, ndiyo. Kwa la pili, ningeona haya. Watu wote wawili walikuwa wamechaguliwa kwa njia ileile, kutoka orodha ileile, lakini mmoja nilimtafutia swali na mwingine nilimtafutia faida huku nikijifanya nina swali.

Hata hivyo, kuwa na nia njema hakukunizuia kudanganya. Siku ya kwanza nilijipenyeza kwenye foleni nyuma ya yule mama, nikamwuliza kana kwamba simjui, "Shikamoo mama, umetoka wapi?" Akanijibu kwa upole. Dakika mbili baadaye ulimi ukateleza, nikamwuliza kuhusu wachuuzi wa Kasindi, mahali ambapo hakuwa amepataja.

"Nani amekuambia nilikuwa Kasindi?"

Sikuwa na jibu ila kuitoa orodha. Aliichukua, akasoma nilichoandika, akacheka kidogo. "Ungeanza na hili, mwanangu. Sasa uliza."

Alinieleza kwa dakika 20. Kinasa sauti alikuwa akimwachia mchuuzi mwenyewe siku nzima, naye akaondoka. Saa ya kwanza ya kila rekodi aliitupa, kwa sababu katika saa hiyo watu bado wanazungumza na mashine. Ridhaa aliiomba mara mbili, asubuhi na jioni; jioni ndiyo aliyoihesabu, kwa kuwa asubuhi mtu hajui atakayoyasema. Ikiwa jioni mchuuzi alisema futa, alifuta mbele yake. Kisha akaniuliza: "Na mimi umeniletea nini?" Swali hilo sikuwa nimelitayarishia jibu. Kwa bahati nilikuwa na rekodi za upande wetu wa mpaka, na yeye hakuwa nazo. Tukakubaliana nimwombe kila mchuuzi wangu ruhusa upya kabla ya kumtumia chochote.

Yule wa Busia nilimfuata siku ya pili baada ya kulifuta dokezo langu na kuandika swali la kweli: alifanyaje na kelele za malori? Tuliongea kidogo tu. Njia sikumwomba.

Kuna jambo moja ambalo kipimo cha Kant hakikulikamata. Nilipokuwa nikimkimbilia yule mama, nilimpita mzee mmoja aliyekuwa amesimama peke yake na kikombe chake. Tulitazamana. Sikumwamkia, kwa sababu beji yake ilikuwa na jina ambalo nilikuwa nimelifuta. Hakuna nia mbaya hapo ya kutangaza wala kuficha. Macho yangu yalikuwa yamejifunza tu kutomwona. Siku ya pili nilimtafuta nikamwamkia. Akaitikia "Marahaba," akaendelea kunywa chai yake.