Je, Fedha za Ghafla Zina Mwenyewe?

Mwaka 2022 Uganda ilirekebisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi, akaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Kwa wengi hizo zilikuwa fedha nyingi kuliko walizowahi kushika kwa mkupuo, na wakaziita bahati. Mimi nadhani jina hilo ndilo linaloziponza, kwani anayedhani ameokota hutumia kama aliyeokota.

Tuchukue mwalimu wa shule ya binafsi mwenye miaka 48. Akiba yake ni shilingi milioni 50, basi anapata milioni 10. Kama zingebaki mfukoni zikipata faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kiwango ambacho mfuko huo umekuwa ukikikaribia au kukipita, akifika miaka 55 zingekuwa karibu milioni 19 na nusu. Mwenyewe wa fedha hizo, basi, ni mzee wa miaka 55 ambaye hayupo kikaoni kujitetea.

Je, haki ya mzee huyo inamfunga mwalimu asiguse kitu? La. Tuseme anadaiwa milioni 4 na chama cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi. Deni hilo linakula kwa mwaka zaidi ya mara mbili ya ambacho akiba ingezaa, kwa hiyo kulilipa ni kumtendea mzee wema. Wala ndugu hawana kosa kuomba, maana huenda ndio waliomsomesha. Lakini kiasi chao kitajwe mapema, tuseme laki 5, kabla simu hazijaanza kulia. Anayepanga baada ya kuombwa humpa zaidi mwenye sauti kubwa, si mwenye haki.

Zimebaki milioni 5 na nusu, na hapa ndipo watu huganda. Fedha hulala kwenye akaunti ya kawaida bila faida, zikimegwa kidogokidogo, huku mwenyewe akisema bado anafikiri. Kusubiri si kosa, ila kuwe na tarehe ya mwisho. Benki zinauza dhamana za serikali za siku 91, kuanzia shilingi laki moja. Faida yake hukatwa kodi ya asilimia 20, na anayetaka fedha kabla ya siku kutimia hupata hasara. Hasara hiyo ni komeo la mlango. Kwa miezi mitatu mwalimu anaweza kukagua kiwanja, kuulizia hati yake na kuzungumza na mkewe bila haraka.

Siku ya 91 ikifika bila mradi wa kuishinda asilimia 10, sheria hiyohiyo iliruhusu michango ya hiari. Anaweza kuzirudisha alikozitoa.